Nimemtoza mteja VAT mara mbili, nataka kuomba radhi na kutuma invoisi iliyorekebishwa, naombeni msaada kabla sijaharibu zaidi

MpishiWaKino:
Wakuu habari za mchana. Mimi na mdogo wangu tunapika chakula cha ofisini hapa Dar, tunapeleka sahani za mchana kwenye kampuni kadhaa. Tuna mteja mmoja mkubwa kidogo, bei tuliyokubaliana kwenye LPO yake ni 5,900 kwa sahani VAT ikiwa ndani. Mwezi Machi tumepeleka sahani 1,010, tarehe 31 nikatengeneza invoisi namba 047 nikaituma na risiti ya EFD juu yake maana mhasibu wao hapokei invoisi bila risiti.

Jana mhasibu kanipigia, ana heshima lakini unasikia kabisa amekereka, anasema dada mbona hela imepanda hivi. Kuangalia, kumbe nilitumia fomu mpya ya Eksel ambayo inaongeza asilimia 18 chini, kwa hiyo imechukua 5,900 ambayo tayari ina VAT ikaiongezea VAT tena. Jumla ikasoma 7,031,620 wakati ilitakiwa 5,959,000. Tofauti 1,072,620. Usiku sijalala, huyu mteja ndo anabeba nusu ya jiko letu.

Hawajalipa bado. Nimeandika barua hii, naombeni mniambie ikoje:

> Ndugu mteja wetu mpendwa, tunapenda kuchukua nafasi hii kuomba radhi sana sana kwa kilichotokea, kwa kweli tumesikitika, mwezi huu tulikuwa na kazi nyingi na msaidizi wetu aliugua na pia tulibadilisha mfumo wa kompyuta, tunathamini sana ushirikiano wetu wa muda mrefu na tunaahidi halitajirudia tena. Tunawatumia invoisi 047 mpya, tumetoa VAT iliyozidi shilingi 1,072,620. Tunaomba mtusamehe na tuendelee kufanya kazi pamoja.

Dogo_Tabata:
Pole sista. Mi naona unajisumbua, futa hiyo 047 kwenye kompyuta yako tengeneza nyingine namba ile ile tarehe ile ile, mpelekee mkononi mwambie chana ile ya zamani. Hesabu yenyewe rahisi, toa 18% kwenye jumla kwishney.

MpishiWaKino:
Dogo asante, ila nimejaribu kutoa 18% kwenye 7,031,620 inanipa 5,765,928, haifiki 5,959,000. Hapo ndo nimechanganyikiwa maana nilidhani itarudi palepale.

Mzee_wa_Leja:
Haiwezi kurudi palepale dada. Ile 18% uliiongeza kwenye 5,959,000, sasa ukiitoa kwenye 7,031,620 unatoa asilimia 18 ya namba kubwa zaidi, utakata zaidi ya ulichoongeza. Ukitaka kurudi nyuma unagawanya kwa 1.18, siyo kutoa. Gawanya uone, inatoka 5,959,000 kamili.

Na hiyo ya kufuta 047 usithubutu. Risiti ya EFD ikishatoka mashine imeshapeleka taarifa TRA, kuchana karatasi hakufuti kitu. Na kwa mteja vilevile, mhasibu ameshaigonga muhuri wa kupokea na kuiandika kwenye kitabu chao, siku mkaguzi akikuta 047 mbili zenye hela tofauti anayebanwa ni yeye, na akibanwa hatakuja kukuamini tena hata ukiwa sahihi. Nimekaa upande wa kupokea invoisi miaka mingi, kosa la hesabu lilikuwa halinisumbui, kila mtu anakosea, ila karatasi mbili za namba moja nilikuwa nairudisha siku ileile.

Nitarudi jioni na mengine, niko barabarani.

Shangazi_Mbezi:
Pole mwanangu, mimi pia mwezi jana bili ya maji imekuja mara tatu ya kawaida. Usilipe kwanza, kapige picha ya mita na tarehe ionekane, uende nayo ofisini kwao wakalinganishe na usomaji wa mwezi uliopita. Usikubali kuongea na mtu wa getini.

MpishiWaKino:
Shangazi shikamoo, asante, ila hapa mimi ndo niliyekosea, mteja ndo kalalamika. Lakini la kulinganisha nalichukua, nimetoa dilivari noti zote za Machi nakaa kuzihesabu upya usiku huu.

Shangazi_Mbezi:
Marahaba. Ooh basi samahani nilisoma haraka. Kama ni wewe uliyekosea basi nenda mwenyewe, usitume boda na barua peke yake.

BintiMombasa:
Huku kwetu Kenya VAT ni 16% lakini shida ni ile ile, mimi niko na duka la kuprinti. Ukishatuma invoisi kwa eTIMS huwezi kuifuta, unatoa kredit noti na lazima itaje namba ya invoisi ya kwanza. Saa hii nimezoea naona ni poa, sababu mteja anaona kila kitu kimefungwa. Mimi kosa langu mwaka jana nilituma kredit noti ya tofauti pekee na nikatuma invoisi mpya ya pesa yote, ikakuwa balaa, kwa vitabu vyao ikaonekana wananidai na mimi nawadai, tukakaa wiki mbili tukipigiana simu.

Mzee_wa_Leja:
Nimefika nyumbani. Binti wa Mombasa amegusa jambo ambalo ndilo linaharibu marekebisho mengi kuliko kosa lenyewe. Kuna njia mbili na inabidi uchague moja.

Ya kwanza, unaacha 047 iishi, unatoa kredit noti ya tofauti peke yake, 1,072,620. Mteja analipa 047 akikata hiyo noti, inabaki 5,959,000. Hakuna invoisi mpya hapo.

Ya pili, unaiua 047 yote kwa kredit noti ya 7,031,620, halafu unatoa invoisi mpya yenye namba yake inayofuata kwenye mfuatano wako, na ndani yake unaandika kwamba inachukua nafasi ya 047. Risiti ya EFD nayo inatoka mpya.

Ukichanganya, yaani noti ya 1,072,620 na invoisi mpya ya 5,959,000 juu yake, kwenye leja ya mteja itasoma anadaiwa 11,918,000. Kwako wewe ningechukua ya pili, kwa sababu bei kwa sahani imekosewa kwenye mstari wenyewe na mhasibu akilinganisha na LPO atataka kuona karatasi moja safi inayofanana na LPO. Kwenye ofisi niliyofanya kazi tulikuwa tunaambatanisha nakala ya risiti ya zamani, kredit noti na risiti mpya pamoja kwenye faili moja. Kabla hujatoa risiti mpya pita ofisi yako ya TRA uwaambie, ili siku ukijaza ritani ya VAT wasishangae kuona mauzo mawili ya chakula kilekile.

Sasa kuna kitu kwenye barua yako lazima ukibadilishe. Umeandika "VAT iliyozidi shilingi 1,072,620". Sio kweli dada.

MpishiWaKino:
Mzee wangu sijaelewa, si VAT ndo niliyoongeza mara mbili? Hiyo 1,072,620 ndo iliyoandikwa kwenye mstari wa VAT kwenye invoisi.

Mzee_wa_Leja:
Iangalie 047 kwa macho ya TRA, wao hawajui mlikubaliana nini. Inasema bei bila VAT ni 5,959,000 na VAT ni 1,072,620. Sasa iliyo sahihi: 5,900 ukigawanya kwa 1.18 ni 5,000 ya chakula na 900 ya VAT. Sahani 1,010 zinakupa chakula 5,050,000 na VAT 909,000.

Linganisha mstari kwa mstari. Bei ya chakula imezidi 909,000, VAT imezidi 163,620. Ukijumlisha ndo unapata ile 1,072,620. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichozidi imekaa kwenye bei, VAT imezidi kidogo tu.

Kwa nini inamuhusu mhasibu wao? Kwa sababu akisoma barua yako kwamba VAT imezidi 1,072,620 na VAT yote kwenye 047 ilikuwa hiyohiyo 1,072,620, ataelewa kwamba VAT sahihi ni sifuri. Atakupigia tena. Na wewe ukipunguza VAT ya 1,072,620 kwenye ritani yako utakuwa umejikatia kodi ambayo unadaiwa. Na kuna kodi ya zuio, wanakukata 5% ya huduma kwenye bei bila VAT, kwa invoisi ile mbovu wangekata kwenye 5,959,000 wakati inatakiwa kwenye 5,050,000. Kila namba ina mtu anayeitumia upande wa pili.

MpishiWaKino:
Daah, yaani nimekaa na hii invoisi siku mbili sijaona hilo, nilikuwa naangalia jumla tu. Asante sana mzee wangu.

Nimeenda kwenye fomu ya Eksel nikaona lilipo tatizo. Ilikuwa hivi, C20 ni jumla ya sahani mara bei:

```
=C20*18%
=C20+C21
```

Kwa bei yenye VAT ndani nimebadilisha, mstari wa juu VAT, wa chini bei bila VAT, na jumla ya chini inabaki C20 yenyewe:

```
=C20*18/118
=C20-C21
```

Nimejaribu na 5,959,000 imeleta 909,000.

Mzee_wa_Leja:
Sawasawa. Na kabla hujatuma invoisi yoyote chukua jumla ya mwisho gawanya kwa idadi ya sahani, ikitoka tofauti na bei ya LPO usitume. Ile ya kwanza ingekupa 6,962 ungeona palepale.

Swali langu: hiyo fomu umeanza kuitumia lini, na kwa wateja gani?

Kaka_Mkubwa_Arusha:
Mi nauliza, kwani kufanya chakula hiki lazima uwe na VAT? Biashara ndogo hailazimiki, ungejiondoa ungekosa huu usumbufu wote.

Mzee_wa_Leja:
Kaka kulazimika kunaanzia mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, hapo uko sahihi, ila ukishasajiliwa unatoza na unawasilisha, hujiondoi kwa kuacha tu kuandika. Na wateja wake wengine wanamtaka mwenye VRN. Tusimtoe dada kwenye njia.

MpishiWaKino:
Wakuu nimerudi, ni saa tano usiku. Mzee umeuliza swali limenifungua macho. Fomu mpya nilianza katikati ya Machi. Huyu mteja mkubwa Februari nilitumia ya zamani, iko sawa, nimeigawanya imetoka 5,900. Lakini kuna mteja mwingine mdogo, semina ya siku moja, sahani 60. Ilitakiwa 354,000 nikamtoza 417,720 na ALISHALIPA, hakuuliza chochote. 63,720 yake iko kwangu.

Halafu kwenye kuhesabu dilivari noti nimekuta jambo la pili. Tarehe 19 tulipeleka sahani 30 za wageni mchana, nje ya zile za kila siku, sikuziweka kwenye 047. Kwa hiyo Machi ni sahani 1,040 siyo 1,010. 30 kwa 5,900 ni 177,000. Tatizo dilivari noti hiyo amesaini mlinzi wa getini, siyo dada wa utawala anayesainigi siku zote.

Niziweke humohumo kwenye invoisi mpya? Naogopa itaonekana nimeomba radhi kwa mkono mmoja huku wa pili nachukua.

BintiMombasa:
Weka zote pamoja. Walikula chakula. Kwa karatasi moja wanalipa mara moja, ukitenganisha watakuambia invoisi ndogo ingoje mwezi ujao. Na ukificha sahi halafu ulete mwezi wa tano ndio itakaa vibaya.

Mzee_wa_Leja:
Kusema wazi nakubaliana nawe, kuchanganya sikubali. Ukiziweka pamoja invoisi inakuwa 6,136,000, na tofauti na ile ya kwanza inakuwa 895,620. Namba hiyo haielezi kosa lolote, ni makosa mawili yamekatana. Mhasibu ana 1,072,620 kichwani, ndiyo aliyoikokotoa mwenyewe kabla hajakupigia, akiona 895,620 anaanza upya kutafuta umeficha nini. Pia zile 30 zina ubishi wa saini, wakizibishia watasimamisha karatasi yote na milioni tano zako zikalala kwa ajili ya laki moja na sabini na saba.

Invoisi yake peke yake, dilivari noti imeambatanishwa, na kwenye barua sentensi moja kwamba ipo na kwamba amesaini mlinzi.

BintiMombasa:
Mimi bado naona ni usumbufu lakini hiyo ya saini nakupa haki.

Dogo_Tabata:
Na yule wa 63,720 ambaye hajauliza?

MpishiWaKino:
Huyo nampigia kesho asubuhi Dogo, namrudishia. Sitaki hata kulifikiria mara mbili, siku mhasibu wake akijifunza kugawanya kwa 60 nitamwambia nini.

Mzee_wa_Leja:
Mpigie, kisha mpe kredit noti pia, hela ikirudi bila karatasi kwake inakuwa hela isiyo na jina. Muulize anataka irudi benki au ikatwe kwenye kazi ijayo, usimuamulie.

Barua yako sasa. Toa habari za msaidizi kuugua na kazi nyingi. Siyo kwamba ni uongo, ila mhasibu anaisoma akiwa anatafuta vitu vitatu: kosa ni lipi, namba sahihi ni ipi, na karatasi ipi alipe ipi asilipe. Radhi iwe sentensi moja, iliyonyooka, juu kabisa. Ukiomba radhi mistari sita anaanza kutafuta kubwa zaidi lililofichwa. Na "halitajirudia" usiandike, andika ulichobadilisha.

MpishiWaKino:
Nimeandika upya, nimelala saa nane. Hii hapa:

> Ndugu Mhasibu,
>
> YAH: MAREKEBISHO YA ANKARA NAMBA 047 YA MACHI
>
> Ankara yetu namba 047 ilizidi kwa shilingi 1,072,620. Kosa ni letu, na tunaomba radhi kwa usumbufu uliokupata.
>
> Bei kwenye LPO yenu ni shilingi 5,900 kwa sahani, VAT ikiwa ndani. Sisi tuliongeza VAT ya asilimia 18 juu ya bei hiyo, kila sahani ikawa shilingi 6,962. Kwa sahani 1,010:
>
> Bei bila VAT: tuliandika 5,959,000, sahihi ni 5,050,000, imezidi 909,000
> VAT: tuliandika 1,072,620, sahihi ni 909,000, imezidi 163,620
> Jumla: tuliandika 7,031,620, sahihi ni 5,959,000, imezidi 1,072,620
>
> Tafadhali msilipe ankara namba 047. Tumeifuta yote kwa kredit noti iliyoambatanishwa, na badala yake ni ankara namba 052 ya shilingi 5,959,000. Siku 30 za malipo zihesabiwe kuanzia siku mtakayoipokea hii ya 052.
>
> Tulipohesabu upya dilivari noti tumeona sahani 30 za wageni za tarehe 19 Machi ambazo hatukuwahi kuziweka kwenye ankara. Tumezitengea ankara namba 053 ya shilingi 177,000. Noti yake imesainiwa na mlinzi wa getini, kwa hiyo tunaomba mzithibitishe kwanza na utawala. Ankara namba 052 haizitegemei hizi.
>
> Fomu iliyosababisha kosa tumeirekebisha, na ankara yenu ya Februari tumeikagua, iko sahihi.

Kaka_Mkubwa_Arusha:
Hapo kwenye siku 30 umejiumiza bure, ungeomba tarehe ya zamani ibaki. Hela ya gesi na mchele inatoka wapi wakati unasubiri?

Mzee_wa_Leja:
Kaka anaongea kama mfanyabiashara na namuelewa. Mimi ningeiacha kama alivyoandika, kosa lilikuwa la kwake na wao hawawezi kulipa karatasi ambayo hawakuwa nayo. Ila wako wanaoomba na wanapewa, hilo sina sheria yake.

Barua iko vizuri. Kwenye 052 yenyewe usisahau kuandika "inachukua nafasi ya 047", barua inaweza kupotea ila invoisi inabaki kwenye faili. Na kapeleke mwenyewe kama Shangazi alivyosema.

MpishiWaKino:
MREJESHO. Samahani nimechelewa, wiki ilikuwa ndefu.

TRA nilipita kwanza, nikawaonyesha karatasi zote tatu, wakaniambia nitunze pamoja. Kisha nikaenda kwa mteja mwenyewe. Mhasibu kaisoma nimekaa mbele yake, kachukua kikokotoo kagawanya 5,959,000 kwa 1,010, kanyamaza, kagonga muhuri 052. Kaniuliza kitu kimoja tu, kama kredit noti ni ya 7,031,620 yote au ya tofauti, nikamwonyesha, akaandika kwa mkono juu ya 047 "imefutwa, tazama 052".

Yule wa semina nilimpigia, alishangaa kidogo, kasema ikatwe kwenye kazi ya Mei, noti nimempelekea.

Ile 053 bado. Dada wa utawala anasema siku hiyo hakuwepo kazini, mlinzi aliyesaini amehamishiwa lindo lingine, wanamtafuta kwa simu. Mdogo wangu anasema tuziachie tu hizo sahani 30, mimi nimesema tusubiri kwanza mlinzi apatikane.